Mchirizi wa jua usoni mwa baba: kisa cha picha moja ya machweo Kigoma

Usuli

Kisa hiki ni cha picha moja ya harusi iliyopigwa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma. Majina, tarehe, jina la ufukwe na chochote cha kuwatambulisha wahusika nimeviondoa, na bibi harusi mwenyewe ameridhia kisa chake kisimuliwe kwa sharti hilo. Mimi ndiye mwenye studio na ndiye niliyeisafisha picha. Aliyeipiga ni kijana ninayefanya naye kazi. Huyu nitamwita "kijana" tu, maana makosa yake ndiyo yale yale niliyoyafanya mimi kwa miaka, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na mtu wa kuyaandika.

Asiyeijua Kigoma aelewe kwanza jambo moja la mahali. Mji uko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa tunazotumia ni zile zile za Dar es Salaam, kwa hiyo huku jua linachelewa kuzama. Karibu saa moja jioni ndipo linapoteremka nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mpiga picha yeyote anayetaka ziwa liwe nyuma ya watu wake jioni anapiga akielekea jua. Tena jua lenyewe ni mawili: moja liko angani, jingine liko majini likimetameta. Maharusi wanaipenda saa hiyo, nasi tunaishi kwayo.

Kijana alikuwa na kamera ya megapikseli 24, faili za RAW zinazohifadhi kila kilichoandikwa na sensa, na lenzi yenye filta ya UV mbele. Kofia ya lenzi, ile ya kuikinga na jua, ilibaki kwenye begi, na begi lilibaki kwenye gari.

Kilichotokea ufukweni

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Jua lilikuwa limebaki kama ngumi moja juu ya milima, ukipima kwa mkono ulionyooshwa. Ratiba ilikuwa imeshachelewa na wapambe walikuwa wanapiga honi barabarani. Bibi harusi akaomba picha moja ya haraka, yeye na baba yake, kabla mzee hajaingia garini. Mzee alivaa kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake na kofia ya viua. Kesho yake alfajiri alikuwa anasafiri kurudi kwake, na si mtu wa kupenda kamera.

Kijana alipiga tatu, kwa mipangilio aliyoiweka kwa mkono: f/2.8, 1/400, ISO 200. Ya kwanza, mzee amemtazama bintiye na kutabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejizuia kulia. Ya pili amefumba macho. Kabla ya ya tatu kijana aliona kwenye skrini ya kamera kwamba picha imepauka, akainua mkono wa kushoto kulikinga jua lisiingie kwenye lenzi. Akafanikiwa, ila vidole vyake vimeingia kwenye kona ya juu, na mzee tayari amegeuka kumjibu mtu aliyemwita.

Kwa hiyo picha yenye uhai ni ile ya kwanza, na hiyo ndiyo iliyoharibika. Jua liko juu kushoto ndani ya fremu. Kutoka hapo ukungu wa rangi ya chungwa umemwagika juu ya theluthi mbili za picha. Ndani ya ukungu huo kuna mchirizi mmoja ulionyooka, wa upana wa pikseli kama 130, unaopita kwenye kipaji cha mzee, daraja la pua, pembe ya ndani ya jicho moja, na kuishia kwenye shavu la pili. Bibi harusi alisimama upande wa kulia, ukungu umemgusa kidogo tu.

Usiku ule ule kijana alimtumia bibi harusi JPEG ndogo kwa simu. Hili halikuwa katika utaratibu wetu, ila ndilo lililoamua kazi yote iliyofuata. Alijibu: "Kaka, hii dhahabu ya nyuma msiiguse hata kidogo. Ila huo mstari usoni kwa baba nitolee, na uso wake mbona kama kapakwa majivu?" Alitaka picha ya ukubwa wa A3, ya kuwekewa fremu.

Ugumu uliokuwa ndani ya ombi hilo

Ombi lina pande mbili, na mwanga wa pande zote mbili ni mmoja. Dhahabu anayoipenda na majivu anayoyalalamikia vimetoka kwenye jua lile lile, vikaingia kwenye lenzi kwa njia ile ile. Jua likiipiga lenzi moja kwa moja, sehemu ya mwanga wake hurukaruka kati ya vioo vya ndani na kutawanywa na uchafu wa kioo cha mbele, kisha hujimwaga juu ya sensa pasipohusika. Mwanga huo unajumlishwa juu ya picha. Hauifuti picha iliyoko chini yake. Penye mwanga mwingi tayari, kama angani, nyongeza hiyo haionekani sana. Penye giza, kama ngozi nyeusi iliyo kivulini au koti jeusi, nyongeza ile ile inageuza weusi kuwa kijivujivu.

Ndiyo maana ngozi zetu zinaumia zaidi kuliko nyingine katika picha za kuelekea jua. Uso wa mzee ulikuwa kivulini na ni mweusi wa asili. Mwanga mdogo tu wa ziada ulitosha kumpausha.

Kwa hiyo dawa ni kutoa kilichojumlishwa. Lakini kutoa kiasi gani, na wapi? Kabla sijajiuliza maswali hayo nilifanya mambo mawili ya haraka ambayo yote yalishindikana. Nayaeleza kwa sababu ndiyo watu wengi huanza nayo.

Jaribio la kwanza: Dehaze juu ya picha nzima

Nilivuta kitelezi cha Dehaze, cha kuondoa ukungu, kwenye Camera Raw ya Photoshop hadi +40. Uso ulirudi kuwa mweusi, hilo ni kweli. Lakini anga likawa zito kama limepakwa moshi, mng'ao wa njano kuzunguka kofia ukakatika, na milima ya Kongo, ambayo jioni ile ilikuwa kivuli laini cha buluu, ikajitokeza kama kuta. Usoni kulitokea mabaka: mashavu yakawa mekundu ya kutu huku chini ya kidevu kukiwa na kijani kidogo. Dehaze inaongeza utofauti na ukolezi wa rangi kwa pamoja, na juu ya ngozi nyeusi iliyokwisha kuvikwa rangi ya chungwa matokeo yake ni hayo ya kutu.

Nilipomwonyesha bibi harusi, alisema neno moja, "Mmelizima jua." Na alikuwa sahihi.

Jaribio la pili: kuufuta mchirizi kwa Healing Brush

Nikarudi mwanzo, nikaacha ukungu wote ulivyo, nikaushambulia mchirizi peke yake kwa Healing Brush, nikichota ngozi safi ya jirani na kuiweka juu yake. Ilichukua karibu saa nzima. Mstari ulitoweka. Pamoja nao yalitoweka makunyanzi ya kipaji, mshipa ulioko pembeni ya jicho, na ile mikunjo midogo ya juu ya pua inayojitokeza mzee anapojizuia. Nilikuwa nimempa ngozi ya mtu wa miaka 30 kwenye ukanda unaokatiza uso wa mtu mzima.

Kosa hapa halikuwa la mkono wangu. Chini ya mchirizi makunyanzi yalikuwepo yote. Yalikuwa yamefunikwa na mwanga tu, nami nikayafuta na kubandika ngozi ngeni badala ya kuyafunua. Zana za kubandika zinafaa pale ambapo picha haipo kabisa, na sehemu hiyo, kama nitakavyoeleza, ilikuwa ndogo kuliko kidole gumba.

Kilichofanya kazi: kupima kwanza, halafu kutoa

Ufunguo ulikuwa kwenye picha ya tatu, ile yenye vidole. Mipangilio ya kamera haikubadilika kati ya picha na picha, watu ni wale wale, jua ni lile lile, tofauti kubwa ni mkono uliokinga lenzi. Hivyo sehemu yoyote ambayo haikusogea ingeniambia kiasi halisi cha mwanga wa ziada. Nikachagua kivuli cha chini ya kola ya lile koti jeusi.

Katika picha safi kivuli hicho kilisomeka nyekundu 20, kijani 17, buluu 16. Ni weusi wa kweli, karibu hauna rangi. Katika picha yenye ukungu, mahali pale pale, kilisomeka nyekundu 92, kijani 66, buluu 48. Weusi ulikuwa umegeuka kahawia.

Hapa pana mtego ambao huwanasa hata wazoefu. Mtu anaona 92 na 20, anasema tofauti ni 72, basi tupunguze 72 kila mahali. Ukifanya hivyo, shavu lililokuwa na nyekundu 130 litashuka hadi 58 na uso utaingia shimoni. Namba za kwenye skrini hazipandi sawasawa na mwanga. Zimepindishwa ili jicho lizione vizuri, kwa hiyo hatua 72 kule gizani ni mwanga kidogo, na kule juu ni mwanga mwingi. Nikizigeuza namba hizo kuwa mwanga halisi kwa kanuni ya sRGB, nikatoa kiasi kile kile cha mwanga, kisha nikazirudisha kuwa namba za skrini, nyekundu inatoka hivi: 92 inakuwa 20, 130 inakuwa 98, na 180 inakuwa 161. Giza linashuka sana, ngozi ya kati inashuka kiasi, ngozi yenye mwanga inashuka kidogo tu. Hilo ndilo umbo la mkunjo niliouweka kwenye Curves, zana ya kupandisha na kushusha namba hizo, ndani ya chaneli ya nyekundu.

Kijani na buluu nazo zikapata mikunjo yake. Kwenye koti kijani kinatoka 66 hadi 17 na buluu kutoka 48 hadi 16. Kwenye shavu kijani kinatoka 92 hadi 68 na buluu kutoka 68 hadi 51. Kwa hesabu ya mwanga halisi, ukungu ule ulikuwa na nyekundu mara nne ya buluu na kijani mara mbili ya buluu. Kwa maneno mengine ni rangi ya chungwa iliyoiva. Ndiyo sababu kutumia mkunjo mmoja kwa chaneli zote kungemwachia mzee uso mweusi lakini wenye wekundu wa kuungua. Namba hizi nazo ni za kuanzia tu, kwa sababu programu inayofungua RAW huongeza mkunjo wake yenyewe. Baada ya hapo jicho ndilo linalosogeza nukta huku na kule.

Shavu sasa lilisomeka 98, 68, 51. Hiyo ni ngozi ya mzee bila jua lolote la ziada, kama angekuwa amesimama chini ya mwembe. Ni sahihi, lakini haifai. Uso usio na chembe ya jua, nyuma yake machweo yanawaka, unaonekana umekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Nikapunguza nguvu ya leya hiyo ya Curves hadi asilimia 65, yaani theluthi moja na ushee ya ukungu ikabaki usoni. Uamuzi huu wa asilimia ni wa macho, na niliufanya nikiwa nimeitazama picha nzima, si uso peke yake.

Maski ya leya hiyo, yaani ramani ya wapi leya ifanye kazi na wapi isifanye, niliichora kwa brashi pana laini. Ni nzito usoni, shingoni na kwenye koti, na inayeyuka taratibu kuelekea upande wa jua. Sikuigusa kanzu ya bega la kushoto, wala ukingo wa sikio unaowaka, wala kofia kwa upande wa juu. Mahali ambapo jua lina haki ya kuwaka, niliacha liwake. Dhahabu ya nyuma ambayo bibi harusi aliililia haikuguswa hata kwa pikseli moja, maana maski yake pale ilikuwa nyeusi tupu.

Mchirizi wenyewe

Ukungu ulipopungua mchirizi ulijitokeza wazi zaidi, jambo linalotisha mara ya kwanza. Ni kawaida. Mchirizi ni mwanga wa ziada juu ya mwanga wa ziada.

Niliongeza leya ya pili ya Curves, yenye maski iliyofuata mstari huo kwa brashi, kisha nikailainisha kingo kwa Gaussian Blur. Hapa picha inakufundisha yenyewe ikiwa unajua kuisoma. Maski ikiwa pana kuliko mchirizi, unaona mistari miwili ya giza pande zote mbili, kama reli. Ikiwa nyembamba, reli zinakuwa za mwanga. Nilibadilisha ulaini mara tano au sita, nikatulia kwenye pikseli 40 upande wa kipaji na karibu 60 upande wa shavu, kwa kuwa mchirizi ulikuwa unapanuka na kufifia kadiri unavyokwenda mbali na jua. Nguvu ya maski nayo niliififisha vivyo hivyo kuelekea shavuni.

Kuna leya mbili za msaada nilizoziweka juu kabisa na kuzizima mwishoni. Ya kwanza ni Black & White: inaondoa rangi ili nione kama kiwango cha mwanga kimelingana. Ya pili ni Hue/Saturation iliyovutwa hadi juu: inazidisha rangi ili nione kama pana ukanda wa chungwa uliobaki hata kama mwanga umelingana. Bila ya kwanza nilikuwa nadanganywa na rangi, na bila ya pili nilikuwa nadanganywa na mwanga. Shavu la kulia, kwa mfano, lilikuwa sawa kabisa kwa Black & White, kumbe lina wekundu uliozidi, na kurekebisha kulitaka kuigusa chaneli ya nyekundu peke yake, kwa kiasi kidogo.

Makunyanzi yalirudi yote. Ilikuwa furaha ya kipekee kuuona mshipa wa pembeni ya jicho ukiibuka, baada ya kuufuta mwenyewe juzi yake.

Mambo matatu hayakutii.

La kwanza ni kipande cha kipaji upande wa jua, kama pikseli 60 kwa 90, ambapo chaneli ya nyekundu ilikuwa imefika 255, kikomo chake. Hapo hakuna cha kutoa, kwa sababu kilichozidi hakikuandikwa kamwe. Ukishusha mkunjo unapata baka bapa la kijivu kisicho na ngozi ndani yake. Hapa ndipo nilipobandika, nikichukua ngozi ya kipaji hicho hicho kutoka picha ya tatu na kuigeuza kidogo ili ifuate mteremko wa kichwa. Ni ngozi ya mzee mwenyewe, jioni ile ile, tofauti ya sekunde chache. Na kwa kuwa hapo ni karibu na jua, niliacha mng'ao mwepesi juu yake, nao ukazika mshono.

La pili ni jicho. Baada ya kutoa ukungu, weupe wa jicho lililopitiwa na mchirizi ulibaki na ubuluu wa baridi, jicho la pili likiwa na ujoto. Binadamu hatazamwi hivyo. Niliipunguza maski juu ya jicho hilo mpaka yakafanana, hata kama kwa namba halikuwa safi.

La tatu ni chembechembe. Mwanga wa ziada unapoingia kwenye sensa huja na mtetemo wake wa nasibu. Unaweza kutoa wastani wake, lakini mtetemo unabaki. Kwa hiyo ukanda uliokuwa chini ya mchirizi ulitoka na chembe zaidi kuliko ngozi ya jirani, na kwa ukubwa wa A3 ungeonekana kama kitambaa kilichotiwa kiraka. Nilipunguza chembe kwa wepesi ndani ya maski ile ile, kisha nikatia chembe laini juu ya uso mzima ili ngozi yote iwe ya familia moja.

Kuurudisha ujoto

Mwisho kabisa niliongeza leya tupu, nikachukua rangi kwa kubofya anga lililo karibu na jua, nikaimwaga kwa duara linalofifia kutoka mahali jua lilipo, nikaiweka kwenye Screen kwa nguvu ya asilimia 15. Screen huongeza mwanga, yaani hufanya karibu kile kile kilichofanywa na lenzi, ila safari hii mimi ndiye ninayeamua kinapoangukia. Niliifuta juu ya macho na ndani ya koti. Nikaiacha iguse ukingo wa shavu la kushoto, bega na ncha ya kofia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nitoe ukungu kisha niurudishe. Jibu ni kwamba ukungu wa kwanza ulifunika macho na ulikuja na mstari, wa pili unazunguka uso. Kwa nguvu ya asilimia 30 nilipojaribu, majivu yalirudi mara moja, kwa hiyo nafasi ya kucheza ni nyembamba.

Matokeo

Nilichapa kwanza kipande cha uso peke yake kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15, kwa ukubwa ule ule ambao uso ungekuwa kwenye A3. Ulitoka mweusi kuliko skrini, jambo ambalo huwa linatokea kwa sababu skrini inawaka na karatasi haiwaki. Nikauinua uso kidogo kwa maski ile ile, nikachapa kipande cha pili, nikakipeleka dirishani, ndipo nikachapa A3.

Bibi harusi aliishika kwa muda, akauliza, "Ule mstari ulikuwa wapi?" Nikamwonyesha. Ukitafuta kwenye shavu la kulia utaona bado pana joto jembamba, kama asilimia kumi ya mchirizi wa zamani. Niliuacha kwa makusudi. Kila nilipoufuta kabisa, shavu lile lilikuwa bapa kuliko jenzake. Alisema uachwe.

Kazi ilichukua siku mbili za jioni. Ukiondoa majaribio mawili yaliyoshindikana, ilikuwa kazi ya saa tatu.

Uchambuzi: kilichofaa, kilichotuangusha

Kilichotuokoa zaidi ya ujuzi wowote wa Curves ni mkono wa kijana katika picha ya tatu. Picha yenyewe haikufaa kwa lolote, hata kumpa mteja haikufaa, lakini ilitupa kipimo cha koti na ngozi ya kipaji. Kama ingekuwa kwenye mpangilio wa otomatiki, kamera ingebadilisha mwanga baada ya jua kukingwa na namba zisingelinganishika. Kijana anapiga kwa mkono kwa mazoea tu, siku hiyo mazoea yalimlipa. Siku hizi picha ya kukinga ni ya lazima kwetu: kila pozi la kuelekea jua linafungwa na fremu moja ambayo mtu ameweka kiganja kati ya jua na lenzi, vidole viingie visiingie.

RAW nayo ilitufaa. Nilijaribu mkunjo ule ule kwenye JPEG aliyoituma kwa simu, kwa udadisi. Koti lilivunjika vipande vya rangi kama ngazi na shavu likatoka na mistari. Ikiwa mteja ana JPEG ya simu pekee, ningelenga nusu ya kazi hii: kupunguza ukungu kwa asilimia 30 hivi na kumwambia mapema kwamba mchirizi utafifia lakini hautakwisha.

Kilichonipotezea muda ni kuanza na kitelezi kabla ya kupima. Dehaze siikatai. Ndani ya maski ya uso, kwa +10 au +15, huku ukipunguza ukolezi kidogo, inaweza kumfaa mtu ambaye ukungu wake ni mwepesi na hana mchirizi. Kwa ukungu mzito wa chungwa juu ya ngozi nyeusi inaleta kutu, na muda wa kuiondoa kutu ni mrefu kuliko wa kuchora mikunjo mitatu.

Baki la mwisho ni chanzo cha mchirizi. Ukungu ulikuwa wa jua kuipiga lenzi, hilo halina ubishi. Lakini mstari ulionyooka haukuwa na tabia ya vivuli vya ndani ya lenzi, vile vinavyojipanga kwa duara duara kwenye mstari unaopita katikati ya fremu. Huu haukupita katikati. Haukuwa pia miale ya nyota ya jua, ambayo hutoka kwenye kiwambo kilichofungwa sana, tena hutoka mingi kuzunguka jua, na sisi tulikuwa kwenye f/2.8, kiwambo kikiwa wazi.

Wiki iliyofuata nilizima taa studio, nikaweka tochi ya simu kwenye kona ya chumba, nikaitazama kwa kamera ile ile na lenzi ile ile ambayo hatukuwa tumeisafisha. Mchirizi ulitokea. Nikaizungusha filta ya UV kwa vidole viwili, taratibu, na mchirizi ukazunguka nayo. Hapo uchunguzi ulikwisha: kilichokuwa kinauchora kiko kwenye filta. Niliifungua, nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mfuto wa mafuta, kidole kimoja kilichoburutwa kwa haraka, pengine wakati wa kufuta unyevu wa ziwa kwa ncha ya shati. Mfuto wa namna hiyo una mikwaruzo midogo ya mafuta iliyolala upande mmoja, nao hutawanya mwanga kwa upande unaoikatiza. Mfuto wa wima unatoa mchirizi wa mlalo. Wetu ulikuwa wa mshazari, na mchirizi ulikuwa wa mshazari mwingine, kama msalaba.

Nikamwita kijana, nikampa filta, nikamwambia aitazame kwenye mwanga. Alitazama, akanitazama, akatoa kitambaa cha lenzi mfukoni. Kofia ya lenzi sasa inakaa kwenye lenzi.